Umbo la Piramidi ya Watu, Kutoka Njombe Hadi Mashariki mwa Ujerumani

Watanzania tunaoishi Ulaya tuna mazoea ya kulinganisha barabara, mishahara na hospitali, lakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ya umri, na njia fupi ya kuiona ni kuweka piramidi ya watu wa Tanzania kando ya ile ya Ujerumani. Mchoro huo ni rahisi kuusoma. Wanaume wako kushoto na wanawake kulia, kila mhimili wa ulalo unawakilisha kundi la miaka 5, watoto wa miaka 0 hadi 4 wako chini kabisa na wazee wako juu, na urefu wa mhimili ni idadi ya watu waliomo. Wetu ni mpana chini na unapungua kwa mpangilio hadi kilele chembamba. Wa Ujerumani ni mwembamba chini, umetanuka kwa watu wenye umri wa karibu miaka 60, kisha unapungua tena.

Nilipomtumia mjomba wangu michoro hiyo miwili, naye ni mwalimu mstaafu anayeishi Makambako, alinijibu hivi: "Sasa mjomba, si unaona mwenyewe? Huko watu wanafika uzeeni, huku tunaishia njiani." Huku Ujerumani nako nimesikia tafsiri hiyo hiyo kwa watu wenye elimu kubwa: kwamba kilele chembamba cha piramidi ya Kiafrika ni orodha ya waliokufa mapema. Siikubali, kwa sababu umbo la piramidi linatengenezwa zaidi na uzazi kuliko vifo, na jambo hilo linaweza kuthibitishwa kwa hesabu ya darasa la saba.

Tuchukue nchi ya kubuni ambayo hakuna anayekufa kabla ya kutimiza miaka 80, na ambayo idadi ya watoto wanaozaliwa huongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka. Kiwango hicho hakiko mbali na chetu, kwa kuwa kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 Watanzania waliongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Katika nchi hiyo, kama mhimili wa chini kabisa una watoto 100, unaofuata una 86, kwa sababu walizaliwa miaka 5 kabla, wakati watoto waliozaliwa walikuwa wachache zaidi. Ukiendelea kupanda kwa kipimo hicho, kundi la miaka 20 hadi 24 lina watu 55, la miaka 40 hadi 44 lina 31, na la miaka 60 hadi 64 lina 17 tu. Hakuna hata mmoja aliyezikwa, na bado piramidi imechongoka. Watoto wa chini ya miaka 15 katika nchi hiyo isiyo na misiba ni takriban 40 kati ya kila watu 100. Sensa yetu ya 2022 iliwakuta takriban 43.

Sisemi kwamba vifo havipo au havina uzito. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watoto 43 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 5, na kwa mzazi aliyempoteza mmoja wao hesabu yangu haina maana yoyote. Lakini hata wangepona wote, mhimili wa chini ndio ungerefuka badala ya kilele kunenepa, na piramidi ingezidi kuwa pana kitakoni. Utafiti huo huo ulikadiria wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke, na hapo ndipo umbo letu linapotoka.

Ujerumani ni habari hiyo hiyo ikisomwa kinyume. Mwaka 1964 nchi hiyo, kwa pande zake mbili za wakati ule, ilipata watoto wapatao milioni 1.36, idadi ambayo haijafikiwa tena. Mwaka 2023 walizaliwa karibu 693,000. Ule mtanuko wa watu wenye miaka 60 na kitu, ambao ndio wanaoanza kuingia katika nyumba za kutunzia wazee ninamofanya kazi, si zawadi ya madaktari peke yao. Ni kizazi kikubwa ambacho chenyewe hakikuzaa vya kutosha kujirithi. Tangu mwaka 1972 Ujerumani huwa na vifo vingi kuliko vizazi kila mwaka, na kinachoizuia isipungue haraka ni wageni kama mimi, ambao huingia katika piramidi ya watu kwa upande, wakiwa watu wazima tayari, bila kuwahi kuhesabiwa katika mhimili wake wa chini.

Sehemu ninayoishi, yaani mashariki, ina kovu jingine ambalo mtu wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kuliangalia kwa makini. Baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, vizazi katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki vilishuka kutoka takriban 199,000 mwaka 1989 hadi takriban 79,000 mwaka 1994, kwa kuwa viwanda vilifungwa na watu hawakujua kesho ingekuwaje. Wakati huo huo vijana walihamia magharibi, na wasichana waliondoka kwa wingi kuliko wavulana. Ndiyo maana ukifungua piramidi ya wilaya ya mashambani huku unakuta mkato mkubwa kwa watu waliozaliwa miaka hiyo, na katika umri wa ujana upande wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto. Watoto wa 1994 ndio wazazi wa leo, na kwa kuwa wao wenyewe ni wachache, mkato wa pili umeanza kujitokeza chini ya ule wa kwanza hata pale ambapo kila mwanamke anazaa kama dada zake wa magharibi.

Sasa rudi Njombe. Mkoa huu ulipohesabiwa mwaka 2012 ulikuwa na wanaume 88 kwa kila wanawake 100, wakati taifa zima lilikuwa na takriban 95. Wenyeji tunajua kwa nini: kijana akimaliza kidato cha nne anapanda basi kwenda Dar es Salaam, Mbeya au kwenye mashamba na migodi ya mbali, na dada yake naye hufuata, ingawa si kwa wingi ule. Ila wapo wanaosema pengo hilo ni la UKIMWI, na dhana hiyo si ya kupuuzwa katika mkoa ambao utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta zaidi ya watu wazima 12 kati ya 100 wakiishi na virusi, wakati wastani wa taifa ni chini ya 5. Piramidi moja pekee haiwezi kuamua kati ya maelezo hayo mawili. Piramidi mbili zinaweza, kwa sababu sensa zetu za 2012 na 2022 zilifanyika mwezi Agosti zikiwa zimepishana miaka 10, kwa hiyo waliokuwa na miaka 10 hadi 14 katika ya kwanza ndio wenye miaka 20 hadi 24 katika ya pili. Unamfuata mtu yule yule kwa kupanda mihimili miwili.

Chukua kata ya mfano, tena ya kubuni, iliyokuwa na wavulana 1,000 na wasichana 1,000 wa miaka 10 hadi 14. Baada ya miaka 10 unakuta wanaume 640 na wanawake 820. Katika umri huo vifo vya miaka 10 kwa kawaida huchukua watu 20 au 30 kati ya 1,000, na hata ukiviongeza mara mbili huwezi kufikia wanaume 360 waliokosekana. Hao wako hai, na utawakuta wamenenepesha mihimili ya ujana ya Dar es Salaam. Athari ya UKIMWI inapaswa kutafutwa kwingine: waliokuwa na miaka 25 hadi 40 katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, leo wangekuwa na takriban miaka 50 hadi 75. Pengo lao lingeonekana katika mihimili hiyo ya juu, kwa wanaume na kwa wanawake, na halina mkoa mwingine lilikojazia.

Kuna mitego miwili ambayo humpotosha anayefanya hesabu hii kwa haraka. Wa kwanza ni kwamba sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, hivyo kata yenye shule ya bweni au chuo huonesha uvimbe wa vijana ambao si wazaliwa wa pale. Wa pili ni umri wa kukadiria. Bibi zetu wengi wana miaka 60, 70 au 80, ni nadra kumpata mwenye 67, na ukichora piramidi ya mwaka mmoja mmoja utaona meno yamechomoza kwenye kila sifuri na tano. Makundi ya miaka 5 huyaficha meno hayo, lakini hayayafuti, kwa kuwa mwenye miaka 39 aliyejiita wa 40 ameshahama kundi.

Mjomba aliponiuliza mara ya pili, baada ya kuafikiana kuhusu vifo, alitaka kujua kama siku moja tutafanana na Ujerumani, na kama vijana wetu wasingeweza kupelekwa wakazibe pengo la kule. Kuhusu hilo la pili naona tunajidanganya, kwani Tanzania huongeza zaidi ya watu milioni 1.6 kila mwaka, na hakuna mikataba ya kazi itakayopunguza hata mhimili mmoja. Kuhusu la kwanza, hata wanawake wetu wangeanza kesho kuzaa watoto wawili tu kila mmoja, wasichana waliokwisha kuzaliwa ni wengi kiasi kwamba vizazi vingeendelea kuzidi vifo kwa miongo kadhaa. Dalili ya kwanza ya mabadiliko itakuwa chini kabisa, mhimili wa miaka 0 hadi 4 ukikaribia kulingana na wa miaka 5 hadi 9 ulio juu yake. Nimemwambia aitafute katika sensa ijayo, akianza na Njombe na Iringa, lakini asiiamini mara moja, kwa sababu watoto wachanga ndio wanaosahauliwa zaidi na makarani, na mhimili mfupi unaweza kuwa wa watoto ambao hawakuandikwa. Atasubiri hadi kundi la miaka 5 hadi 9 la shule za msingi nalo lithibitishe.