Uzi Mweupe Haukurudi, Haukuwahi Kuondoka

Juma lililopita mteja alinirudishia bango la mahafali la binti yake akiwa na swali moja tu: huu uzi mweupe unaozunguka nywele za mwanangu ni wa nini? Nilikuwa nimetumia saa nzima kusafisha kingo za picha ile, iliyopigwa mbele ya ukuta mweupe, na kwenye faili kubwa la pikseli 4000 hapakuwa na doa lolote. Nilipoipunguza hadi pikseli 800 na kuiweka juu ya kijani kilichokolea, uzi ukajitokeza. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye hakosi ushauri, akaniambia nipunguze kwanza ndipo nisafishe, kwa kuwa picha ndogo ina kazi ndogo. Ushauri huo nimeusikia mara nyingi mno, na una kasoro kubwa.

Tunapofuta mandharinyuma, mara nyingi hatufuti rangi yake. Faili la PNG huhifadhi rangi mahali pake na uwazi mahali pake, kwenye chaneli ya alfa, kwa hiyo pikseli yenye alfa 0, yaani isiyoonekana kabisa, inaweza kuendelea kubeba weupe wote wa ukuta chini ya pazia. Anayetaka kuuona aliouficha aondoe pazia hilo kwa amri hii ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi:

```
magick binti.png -alpha off siri.png
```

Mimi niliuona ukuta mzima ukiwa umesimama palepale.

Kupunguza picha ni kutafuta wastani wa pikseli jirani. Chukua pikseli mbili tu: moja ya nywele, yenye mwanga wa 30 katika kipimo cha 0 hadi 255 na isiyo na uwazi wowote, na ya pili isiyoonekana kabisa, iliyoficha weupe wa 255. Programu inayokokotoa rangi bila kuitazama alfa itatoa pikseli moja yenye rangi ya 142 na uwazi wa nusu. Iweke juu ya bango lenye mwanga wa 90, nawe utapata 116, yaani pikseli inayong'aa kuliko nywele na kuliko bango lenyewe, ilhali hakuna kitu chochote katika picha kinachostahili mwanga huo. Hiyo ndiyo alama ya kuutambua ugonjwa huu. Hesabu sahihi huzidisha kwanza kila rangi kwa alfa yake, hutafuta wastani, kisha hugawanya kwa alfa mpya. Pikseli isiyoonekana inazidishwa kwa sifuri na kukosa kura, rangi inabaki 30, na juu ya bango tunapata 60. Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, hufanya hivyo yenyewe inapopunguza kwa wastani picha ya RGBA, yenye chaneli tatu za rangi na moja ya alfa, lakini `cv2.resize` ya maktaba nyingine, OpenCV, huzichukulia chaneli nne kama majirani wasiosalimiana, na programu ndogo niliyokuwa nikiitumia ilijengwa juu yake.

Hata hivyo hesabu sahihi haisafishi uchafu unaoonekana. Pikseli ya ukingoni iliyopigwa ikiwa nusu nywele na nusu ukuta ina weupe halisi ndani yake, nao lazima uondolewe kwa mkono au kwa `Decontaminate Colors` ya Photoshop. Hapa ndipo ninapogombana na mwenzangu. Kutoka 4000 hadi 800, pikseli 25 za zamani zinakuwa moja. Kishungi cha nywele chenye upana wa pikseli nne, ambacho kwenye faili kubwa kina katikati safi na kingo chafu, kinafinywa ndani ya pikseli moja iliyochanganya yote mawili, na ukingo ukishakuwa na unene wa pikseli moja, kuupunguza kwa pikseli moja ni kumnyoa binti wa watu siku ya mahafali yake.

Basi usafi ufanyike kwenye ukubwa kamili, na usiishie kwenye alfa: rangi ya nywele ienezwe kutoka ndani hadi nje ya ukingo, iufunike ule weupe uliofichwa kwa upana wa pikseli kadhaa, ili hata programu isiyojua hesabu ichanganye nywele na nywele. Baada ya hapo picha ipunguzwe mara moja tu kutoka faili kuu, si kutoka nakala iliyokwisha kupunguzwa. Kunoa kingo za picha kuje mwisho na kwa kiasi, kwa sababu kunoa nako huzaa mstari mweupe wa aina yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba chupa yenye kingo nyoofu inayokwenda kwenye ukurasa mweupe itapona kwa mpangilio wowote. Nywele juu ya kijani hazitapona. Bango la pili nililikagua juu ya nyeusi na juu ya waridi kali kabla ya kulituma, na safari hii mteja alilalamikia maandishi tu.