Bima ya nyumba: kwa nini hasara ya milioni 20 hulipwa milioni 12

"Nyumba yangu nimeikatia bima ya milioni 60. Jiko likaungua, mafundi wakakadiria milioni 20 kulirudisha. Kampuni imenilipa milioni 12. Mbona 20 ni ndogo kuliko 60?"

Kiasi kinachoandikwa kwenye mkataba wa bima kina kazi mbili, na wengi wetu tunaijua moja tu. Tunajua kwamba ndicho kikomo: hata nyumba ikiteketea yote, kampuni haitalipa zaidi ya hapo. Kazi ya pili ni kupima ada. Kampuni huchukua kiwango chake, tuseme asilimia 0.2, ikakizidisha na kiasi hicho. Aliyeandika milioni 100 atalipa 200,000 kwa mwaka, na aliyeandika milioni 60 atalipa 120,000.

Sasa chukua majirani wawili wenye nyumba zinazofanana, kila moja ikihitaji milioni 100 kujengwa upya. Mmoja kaandika 100, mwingine 60. Majanga mengi ya nyumba hayateketezi nyumba nzima: ni jiko kuungua, paa kuezuliwa upande mmoja, bomba kupasuka na kuharibu dari na sakafu. Majiko yao yakiungua kwa hasara ya milioni 20 kila mmoja, na kampuni ikawalipa wote 20, yule aliyelipa ada pungufu atakuwa amepata kinga ileile kwa bei ya chini. Wenye akili wote wangeandika kiasi kidogo, mfuko wa ada ungepungua, na mwishowe kiwango kingepandishwa kwa kila mtu, hata kwa aliyetaja thamani kamili.

Ndipo linapoingia sharti la uwiano. Linasema hivi: kama kiasi cha bima ni pungufu ya thamani halisi, yaani gharama ya kuijenga nyumba upya, mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amejikatia bima mwenyewe kwa sehemu iliyobaki, na kila hasara, hata ndogo, inagawanywa kwa uwiano huo. Hesabu yenyewe ni hii:

```
fidia = hasara × kiasi cha bima ÷ thamani halisi
12    = 20     × 60             ÷ 100
```

Kwa hiyo kulinganisha 20 na 60 hakusaidii. Kinacholinganishwa ni 60 na 100. Na kama mkataba unamtaka mwenye nyumba abebe sehemu ya kwanza ya kila hasara, tuseme milioni 1, kwa kawaida hiyo hukatwa baada ya mgawo, zikabaki 11.

Mpaka hapo naikubali hoja ya kampuni za bima bila shida. Swali gumu ni hiyo 100 imetoka wapi, na nani alipaswa kuijua.

Tuseme muulizaji wetu alijenga miaka 6 iliyopita kwa milioni 60, akaandika hiyohiyo, kisha kila mwaka akahuisha bima bila kugusa tarakimu. Gharama za ujenzi zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, 60 hiyo baada ya miaka 6 inakaribia 76. Ukuta wa uzio, geti na tangi la maji, vilivyojengwa baadaye, vinaongeza 9. Kubomoa mabaki na kuyasomba ni 5. Ada za msanifu, mkadiriaji majenzi na vibali ni 10. Jumla 100. Hakuna mahali alipodanganya. Amepungukiwa kwa kukaa kimya tu, na nusu ya vitu vilivyompunguza havionekani mpaka siku ya kujenga upya. Nani hukumbuka gharama ya kusomba kifusi akiwa amesimama kwenye nyumba nzima?

Na mara nyingi aliyemuuliza thamani wakati wa kukata bima ndiye aliyempotosha. "Nyumba yako ina thamani gani?" ni swali la dalali wa mauzo, na mtu hulijibu kwa bei ya soko. Bei ya soko ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Kiwanja kikiwa ghali, mwenye nyumba hulipia ada ya kitu kisichohitaji bima, wala hapati faida yoyote, kwa sababu bima hailipi zaidi ya hasara. Eneo likiwa la bei ya chini, nyumba inaweza kuuzwa kwa chini ya gharama ya kuijenga, na hapo anajikuta pungufu huku akiamini amesema kweli. Wapo pia wanaoandika salio la mkopo wa benki, ambalo halina uhusiano wowote na matofali. Swali sahihi ni moja: kuijenga upya nyumba hii, leo, mahali hapohapo, kungegharimu kiasi gani?

Kampuni hujitetea kwamba haiwezi kutuma mtu kukagua kila nyumba kwa ada ndogo kama hiyo, na kwamba mwenye nyumba ndiye anayejua alichojenga. Ni kweli kwa upande wa vipimo. Lakini bei ya kujenga mita moja ya mraba kampuni inaijua kuliko yeye, kwa sababu hulipa madai ya ujenzi mwaka mzima. Kupokea ada miaka 6 kwa tarakimu isiyobadilika bila kumuuliza mteja neno, halafu kuleta mthamini siku ya madai tu, naona si haki hata kama hesabu ni sahihi. Tazama pia uzito wake: hata tukihesabu pengo lote la milioni 40 tangu mwaka wa kwanza, kwa miaka yote 6 hakuokoa zaidi ya 480,000 za ada, akapoteza milioni 8 kwa moto mmoja. Mtu akionyeshwa hesabu hiyo kabla, hawezi kuichagua.

Baadhi ya mikataba ya bima inayolipa gharama ya kujenga upya inalainisha jambo hili: uwiano hautumiki kama kiasi cha bima kimefika asilimia 85 ya gharama. Angeandika 85, angelipwa 20 yake yote. Lakini ukishuka chini ya mstari huo, upungufu huhesabiwa dhidi ya 100 nzima, hivyo aliyeandika 84 hulipwa 16.8. Nafuu hiyo husamehe kukosea kidogo tu, haimfai aliyesahau tarakimu kwa miaka mingi. Mikataba mingine huongeza kiasi cha bima kila mwaka kufuata bei za ujenzi, na hiyo husaidia kweli, mradi tarakimu ya kwanza ilikuwa sawa.

Muulizaji hana haja ya kuikubali 12 kabla hajaona hesabu. Aombe kwa maandishi jinsi ile 100 ilivyopatikana: mita za mraba ngapi, kwa bei gani kila mita, na nini kingine kimejumlishwa. Kisha achukue jedwali la mkataba wake na kusoma mali iliyokatiwa bima. Kama inatajwa nyumba pekee, bila uzio, geti na tangi, basi ile milioni 9 haina nafasi katika thamani halisi. Kigawanyo kinashuka hadi 91, na fidia inapanda hadi karibu milioni 13.2. Afanye vivyo hivyo kwa ada za wataalamu: kama mkataba haumlipi ada hizo, mthamini hawezi kuzitumia kumpunguzia.