Kabla hujaliamini boksi la FVG, lipime na jirani yake

Mi sina ugomvi na mtu anayetredi kwa oda bloki au FVG, yale maboksi wanayochora kwenye chati wakisubiri bei irudi, ugomvi wangu ni na ushahidi anaouleta, maana karibu kila mara ni skrinishoti ya chati ambayo bei imerudi kwenye boksi, ikagusa, ikapaa, na chini yake wameandika smati mani haidanganyi. Skrinishoti kama hiyo utaipata hata kama boksi halina maana yoyote. Chora mistari ishirini popote unapotaka kwenye chati ya mwezi mzima, lazima kuna michache ambayo bei itaigusa na kugeuka, ukiipiga picha hiyo michache tu inapendeza kweli kweli.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Haya mafundisho yameenezwa zaidi na Mmarekani Michael Huddleston, yule wanayemwita ICT, halafu wengine wengi wakayabeba na kuyabadilisha kila mtu kivyake. FVG ya kupanda ni mishumaa mitatu iliyofuatana, wa katikati una nguvu, na ncha ya chini ya mshumaa wa tatu iko juu ya ncha ya juu ya mshumaa wa kwanza, hapo katikati ndo panaitwa gepu. Kwenye Pine Script ni mstari mmoja tu:

```
fvgUp = low > high[2]
```

Oda bloki ya kupanda ni mshumaa wa mwisho wa kushuka kabla ya msukumo mkali uliovunja kilele cha nyuma. Na maelezo wanayokupa ni kwamba benki kubwa zilinunua pale, hazikumaliza oda zao, kwa hiyo bei itarudi ili zimalizie.

Hayo maelezo mi nayaweka pembeni kabisa, na nakushauri na we uyaweke, kwa sababu chati haina uwezo wa kuyathibitisha. Soko la fedha za kigeni halina ukumbi mmoja ambapo oda zote zinaonekana, kwa hesabu ya benki ya BIS ya Aprili 2022 lilikuwa linazungusha dola trilioni 7.5 kwa siku, zimetawanyika kwa mabenki na majukwaa kibao, na ile volyumu unayoiona chini ya chati ya MetaTrader kwa kawaida ni idadi ya mara bei ilipobadilika kwa broka wako, wala sio pesa zilizopita. Tena taasisi yenye oda kubwa kawaida huikatakata vipande vidogo vidogo na kuviingiza kwa muda mrefu, ili isisukume bei yenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa ndani ya mshumaa huu kuna oda za benki zimebaki, hakuna pa kwenda kuangalia. Kinachopimika ni kitu kimoja: je, bei ikirudi kwenye hili boksi, inafanya kitu tofauti na inapofika sehemu nyingine ya kawaida?

Sasa kuna mtego wa macho ambao unawaangusha wengi kabla hata hawajafika kwenye kupima. Boksi la FVG kwenye skrini linaanzia kwenye mshumaa wa kwanza au wa pili, lakini FVG haikuwepo mpaka mshumaa wa tatu ulipofunga. Oda bloki ni mbaya zaidi, boksi limebandikwa kwenye mshumaa wa kushuka kule nyuma, wakati kilele kimekuja kuvunjwa labda mishumaa kumi baadaye, na kilele chenyewe, kama indiketa inatumia `ta.pivothigh(high, 5, 5)`, kinajulikana kuwa ni kilele baada ya mishumaa mingine mitano kupita. Ukirudisha chati nyuma kwa macho unaona kama ulikuwa na taarifa ambayo wakati ule hukuwa nayo. Halafu angalia mipangilio ya indiketa yako, nyingi zina sehemu ya kufuta boksi likishavunjwa, yaani yaliyofeli yanaondoka kwenye skrini, yaliyobaki ndo hayo unayoyaona yameshika vizuri. Zima hiyo sehemu kwanza, uone chati inavyochafuka.

Na ile takwimu ya kusema gepu nyingi hujazwa, hiyo usiikubali kama ushahidi. Bei inayotembea kibahati tu ikiwa iko karibu na mstari na ukaipa muda, itaugusa, mara nyingi sana. Kama unajua kukodi kidogo chukua mishumaa halisi, changanya mpangilio wake uwe wa kubahatisha halafu uiunge upya, FVG zitatokea humo humo na nyingi zitajazwa, wakati we mwenyewe umeshaharibu kila alama ya benki iliyokuwepo. Swali sio kama bei inarudi, swali ni ikisharudi inafanya nini.

Tuchukue mfano mmoja wa namba tuufuate mpaka mwisho. EUR/USD, mishumaa ya dakika 15. Mshumaa wa kwanza ncha ya juu ni 1.0842, wa pili unapanda kwa nguvu, wa tatu ncha yake ya chini ni 1.0854 na unafunga 1.0870. Gepu ni pipsi 12. Sheria yako inasema weka oda ya limiti kununua kwenye ukingo wa juu wa gepu, 1.0854, stopu 1.0834, tageti 1.0894, kwa hiyo unahatarisha pipsi 20 kutafuta 40. Watu wanaipenda hii moja kwa mbili kwa sababu ukishinda asilimia 34 tu umeshaanza kupata faida, na wanaona hiyo 34 kama kitu rahisi, lakini bei isiyo na mwelekeo wowote, bila spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, itafika tageti kabla ya stopu mara moja katika tatu, asilimia 33.3, hiyo hiyo ya kutopata wala kukosa. Moja kwa tatu itakupa 25, moja kwa nne itakupa 20. Uwiano wenyewe haukupi chochote.

Weka sasa spredi ya pipsi 1. MetaTrader inachora chati kwa bei ya bidi, ile unayouzia, lakini we unanunua kwa aski. Oda yako ya 1.0854 itaingia pale bidi ikifika 1.0853, kwa hiyo mshumaa ulioshuka ukagusa 1.0854 kamili na kuruka, ule mzuri kuliko yote kwenye skrinishoti, wewe haumo. Ukiingia, stopu iko pipsi 19 kutoka kwenye bidi na tageti iko 41, kibahati unashinda 19 kwa 60, kama asilimia 31.7, na wastani wako ni kupoteza pipsi 1 kila tredi, yaani umelipa spredi tu. Hapo ndo mstari wa kuanzia. Na kama mshumaa mmoja umegusa stopu na tageti vyote, na huna data ya dakika moja kujua kipi kilianza, hesabu hasara, usijipendelee.

Lakini hata ukipata namba nzuri kuliko 31.7 bado hujajua imetoka wapi, na hapa ndo kipimo ninachokiamini mimi kinapoingia. Inawezekana faida imetokana na ule msukumo wenyewe, bei iliyopanda kwa nguvu labda inaendelea kidogo, au soko lilikuwa linapanda mwaka mzima na we unanunua tu, gepu halijachangia kitu. Kwa hiyo kwa kila FVG tafuta jirani yake: saa ile ile ya siku, mshumaa wa katikati wenye ukubwa unaokaribiana, mwelekeo ule ule, isipokuwa mshumaa wa tatu umeshuka ukaingiliana na wa kwanza, hakuna gepu. Kwenye mfano wetu oda iko pipsi 16 chini ya bei ya kufunga, basi na kwa jirani weka oda pipsi 16 chini, stopu 20, tageti 40, kila kitu sawa. Kama FVG zinashinda 36 na majirani wanashinda 36, gepu ni pambo. Unachotredi ni msukumo, na msukumo una jina lake na historia yake ndefu, haukuhitaji hadithi ya benki.

Cha kuongezea, ni kipimo chepesi lakini kinauma, chukua FVG zile zile halafu sogeza oda, stopu na tageti vyote juu pipsi 5, rudia chini pipsi 5. Wanaouza hii elimu wanakwambia mstari ni sahihi mpaka pipsi. Kama ni kweli, kuusogeza kunapaswa kuharibu matokeo.

Idadi ya tredi sasa, maana hapa watu wanajidanganya kabisa. Mtu anabaktesti 50, anashinda 21, asilimia 42, anahesabu yuko juu mara 13 ya anachohatarisha kwa tredi moja na anafungua grupu la kufundisha. Kwa setapu ya moja kwa mbili isiyo na kitu ndani, kushinda 21 au zaidi katika 50 kunatokea kama mara moja kati ya nane. Wakijaribu watu wanane, mmoja anaweza akaipata bila kujua chochote, na huyo ndo tutakayemsikia. Hata tredi 100 zinacheza takriban asilimia 9 juu na chini ya ukweli. Ukiwa na FVG 400 na majirani 400, tofauti kati yao chini ya asilimia 6 au 7 bado inaweza kuwa bahati tupu, ndo maana lazima kompyuta ihesabu na sio macho.

Oda bloki nimeiongelea kidogo makusudi, kwa sababu kama inavyofundishwa haipimiki mpaka we uigandishe. Mshumaa mzima au mwili tu? Kilele cha mishumaa mitatu au kumi kila upande? Lazima iwe imefagia likwiditi kwanza? Mguso wa kwanza tu au na wa pili? Maswali manne ya majibu mawili mawili ni oda bloki 16 tofauti, ukizijaribu zote moja itang'aa tu. Andika jibu lako kabla hujaona data, na kipande cha mwisho cha data, tuseme miaka miwili, usikiguse mpaka siku moja ya mwisho. Ukiambiwa tredi iliyofeli haikuwa oda bloki halali, muulize anayekwambia hivyo alama hiyo ya uhalali ilionekana kabla ya bei kufika au baada.

Na sisemi kwamba oda hazijikusanyi sehemu. Mchumi Carol Osler alichapisha utafiti mwaka 2003 uliotumia oda halisi za benki kubwa, na ulionyesha stopu na tageti hujazana kwenye namba za mviringo na karibu yake, kama 1.0800 au 1.0850. Lakini angalia alichofanya: alikuwa na oda zenyewe mkononi, hakuzikisia kutoka kwenye rangi ya mshumaa. Na angalia mfano wetu, boksi letu liko kati ya 1.0842 na 1.0854, 1.0850 imo ndani. Kwa hiyo gawa FVG zako mafungu mawili, zenye namba ya mviringo ndani na zisizo nayo, uone kama zile zisizo nayo zinabaki na chochote zikipimwa na majirani zao.