Kichekesho cha fundi simu kiwe na dalili ndani yake

Stetasi nyingi za mafundi simu zinafanana: picha ya simu iliyopondeka, vikatuni vitatu vya kulia kwa kicheko, na maneno "Kioo kimepasuka? Njoo kwetu, bei poa." Mtu anaipita kwa sababu hakuna cha kucheka wala cha kujua. Kwa maoni yangu, utani wa duka la simu unauza pale tu unapobeba dalili moja ya kweli, ile ambayo msomaji akiiona anasema, "Eh, hii ni ya kwangu kabisa."

Tuanze na kioo. Wateja wengi huita kila kitu kioo, lakini fundi anajua kuna kioo cha juu, chini yake tachi, na chini zaidi ile sehemu inayotoa picha. Tofauti hiyo inatosha kuwa kichekesho:

"Kuna kioo kilichopasuka, na kuna kioo kilichomwaga wino. Cha kwanza kinaweza kuvumilia hadi mwisho wa mwezi. Cha pili hakijui mshahara wako unatoka lini."

Aliyecheka hapo amejifunza kupima mwenyewe. Kama picha ni nzima na tachi inaitika kila kona, huenda kimevunjika kioo cha juu tu. Abandike selotepu pana ya kung'aa ili vipande visimkate na unyevu usipenye, kisha apange bajeti. Akiona doa jeusi au mistari ya rangi, kinachotoa picha kimeumia, na doa hilo huweza kupanuka. Huyo ahamishe picha na namba zake leo, kabla skrini haijawa giza.

Kuna na ule ugomvi wa bei ambao kila duka linaufahamu. Mteja anasema, "Fundi, ni cha juu tu hiki, mbona ghali?" Ujibu kwenye stetasi kabla hajafika:

"Ni kweli ni cha juu tu. Ila kimeoana na cha chini kwa gundi, na talaka yao haitolewi bila mashine."

Chini yake andika sentensi moja ya kawaida: kwa simu nyingi za sasa tabaka hizo zimegandishwa pamoja, na kuzitenganisha kunahitaji joto la kiasi, waya mwembamba, gundi mpya angavu na kutoa mapovu. Kosa dogo tu, na picha nayo inaharibika. Ndiyo maana maduka mengi hubadilisha kioo kizima pamoja na tachi. Mteja akishacheka, anafika akiwa nusu ameshaelewa.

Sasa ile dalili yenye utamu kuliko zote: tachi inayojibonyeza. Rasimu ya kwanza ya fundi huwa hivi: "Tachi yako ina matatizo? Tunarekebisha tachi za aina zote." Ni kweli, lakini haina uhai. Tachi mbovu inafanya nini hasa? Inafungua programu, inaandika herufi ovyo, inapiga simu kwa watu. Basi msemee mwenye simu:

"Kwa wote mliopigiwa saa nane za usiku, akiwemo mama mkwe: hakuwa yeye. Ilikuwa tachi."

Hapo mama mkwe ndiye anayebeba kichekesho, na hakuna aliyedhalilishwa. Kisha ongeza hatua za kujaribu nyumbani: chomoa chaji kwanza, maana chaja mbovu peke yake huweza kuifanya tachi irukeruke. Toa protekta, futa skrini kwa kitambaa kikavu, izime simu na kuiwasha. Ikitulia, umeokoa pesa zako. Ikiendelea bila chaji na bila protekta, hasa kama kuna ufa, tachi ndiyo iliyokwisha.

Na hapa ndipo kioo na paswedi vinapokutana, jambo ambalo sijaona likiandikwa kwenye stetasi ingawa lina hasara kubwa. Tachi inayojibonyeza hubonyeza hata kwenye sehemu ya kuweka namba za siri. Mwenye simu amelala, simu inajikosea paswedi. iPhone ikikosewa mfululizo huanza kukusubirisha: dakika 1, halafu 5, halafu 15, na mwisho hukataa kabisa. Na kama ilikuwa imewekwa ijifute baada ya makosa 10, inajifuta. Kwa hiyo:

"Simu yako inajikosea paswedi yenyewe? Izime. Haijasahau, inaota."

Ushauri wa "izime mpaka ufike kwa fundi" ndio mzigo wote wa stetasi hiyo.

Kwenye paswedi zilizosahauliwa, mafundi wengi huteleza kwa kumcheka mteja. "Umesahau paswedi tena, bibi?" si utani, ni kumfukuza. Jiweke naye upande mmoja:

"Pateni ya nukta 9 inaweza kuchorwa kwa njia 389,112. Sisi sote tukachagua L."

Hesabu hiyo ni ya kweli kwa Android, kuanzia nukta 4 hadi 9. Neno "sisi sote" ndilo linalofanya kazi. Liandike "wewe", na kicheko kinageuka tusi.

Utani mwingine umsaidie mtu asije kabisa, na huyo ndiye atakayekukumbuka siku kioo kikipasuka. Kuanzia iOS 17, aliyebadilisha paswedi ya iPhone kisha akaisahau ana saa 72 za kutumia ile ya zamani. Akikosea mara kadhaa anabonyeza "Forgot Passcode?", kisha "Enter Previous Passcode", na hapo hapo anaweka nyingine mpya. Stetasi yake ni fupi: "Uliacha paswedi ya zamani ukapata mpya, na mpya imekutoroka. Una siku tatu za kurudi kwa ile ya zamani. Haina kinyongo."

Ila usitanie kuhusu usichoweza kutimiza. Simu za kisasa hufunga data kwa hiyo paswedi yenyewe, kwa hiyo kuifungua kwa kurudisha mipangilio ya kiwandani ni kufuta kila kitu. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikishafutwa kwa njia hiyo inaweza pia kudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Sema mapema, hata kwa mzaha: "Tutaifuta, itasahau picha, namba na michezo. Itakumbuka kitu kimoja tu: ile Gmail uliyofunguliwa na binamu yako." Kisha mwelekeze g.co/recover, ajaribu kuirudisha akaunti kabla simu haijafutwa.

Na kwa wale wanaoleta simu wasiyojua hata pateni yake wala jina la mwenyewe, hii inatosha kubandikwa ukutani: "Kufunguliwa simu, leta kumbukumbu. Ukikosa kumbukumbu, leta risiti au boksi. Ukikosa vyote, mlete mwenye simu." Fundi alinganishe namba ya IMEI ya kwenye boksi na ile ya kwenye simu kabla ya kugusa chochote.

Kuhusu picha, usiipige picha simu ya mteja hata kama imepasuka kwa namna ya kupendeza. Skrini inaonyesha meseji, sura za watoto, wakati mwingine salio. Kila fundi ana droo ya simu zilizokufa. Chukua moja, izime, iweke kwenye mwanga wa pembeni ili nyufa zionekane. Inatosha kwa stetasi za mwezi mzima.