Maungio ya neno “sikuwavushia”

“Tulifundishwa kwamba katika lugha ambishi bainishi kila kiambishi kina kazi moja na kinakatika bila shida. Mbona neno ‘sikuwavushia’ halinikatikii?”

Mchukuzi wa mkokoteni pale kivuko cha Likoni anaposema “wale wageni sikuwavushia mizigo yao”, kitenzi chake kimoja kimekwisha kutaja mtenda, ukanushi, wakati uliopita, watendewa, tendo lenyewe, usababishi wake na kwamba tendo lingekuwa kwa manufaa ya wengine. Kivietinamu, ambacho ni lugha tenganishi, kingeyagawa hayo katika maneno yanayosimama peke yake. Kilatini, lugha ambishi mchanganyo, huyayeyusha: katika “amo”, yaani “napenda”, ile “o” moja inabeba nafsi, umoja na wakati uliopo, na hakuna mahali pa kupitisha kisu kati ya nafsi na wakati.

Wanaoshikilia fundisho la darasani wana hoja ya kweli. Weka “m” mahali pa “wa” upate “sikumvushia”. Weka “ta” mahali pa “ku” upate “sitawavushia”. Ondoa “i” upate “sikuwavusha”. Kila mara sehemu zilizobaki hazitikisiki. Jaribio hilo la kukata na kubadilisha ndilo la haki, na nafasi nyingi za kitenzi cha Kiswahili hulifaulu.

Lakini tuanze kichwani mwa neno. “Hatukuwavushia” inakatika vizuri: “ha” ya ukanushi, kisha “tu” ya nafsi. Kwa mwendo huohuo mchukuzi angesema “hanikuwavushia”, na hasemi hivyo. “Si” ni ukanushi na nafsi ya kwanza umoja kwa pamoja, wala haina nusu ya kumpa huyu na nusu ya kumpa yule, sawasawa na ile “o” ya Kilatini. Inayofuata ni “ku”. Katika “niliwavushia” wakati uliopita ulikuwa “li”. Ukanushi umeiondoa na kuweka “ku”, ilhali “ta” ya wakati ujao haiguswi. Kwa hiyo ukanushi umesemwa mara mbili, mara ya kwanza ukishikana na nafsi, mara ya pili ukishikana na wakati.

Panaponishughulisha zaidi ni “vush”. Mzizi ni “vuk” wa “vuka”, na usababishi umeingia ndani ya konsonanti yake ya mwisho ukaigeuza kuwa “sh”, kama katika waka na washa, shuka na shusha, kumbuka na kumbusha. Mtu atasema kwamba hiyo ni kanuni tu, “k” hugeuka “sh”, na kanuni inayotabirika haiharibu ubainishi. Ingekuwa hivyo, “pika” ingezaa “pisha” na “cheka” ingezaa “chesha”. Tunasema “pikisha” na “chekesha”, ambamo kiambishi kinaonekana waziwazi na mzizi umebaki mzima. Kwa hiyo mzungumzaji hana budi kukumbuka kitenzi kipi kinafuata njia ipi, na kukumbuka huko ndiko kunakotenganisha mchanganyo na ubainishi. Badiliko la “i” na “e” katika “vushia” na “pelekea” ni jambo jingine: linafuata irabu ya mzizi, unalitabiri bila kukosea, na halipunguzi chochote.

Mwanaisimu Joseph Greenberg alizingatia tofauti hiyohiyo katika vipimo alivyovichapisha tena mwaka 1960, ambamo mabadiliko yanayotabirika kikamilifu hayakuhesabiwa kama dosari. Kwa wingi wa mofimu, yaani vipande vidogo vya neno vyenye maana, Kiswahili kilipata wastani wa 2.55 kwa neno na Kisanskriti 2.59, karibu sawa kabisa, huku Kivietinamu kikipata 1.06. Kwa usafi wa maungio, Kiswahili kilipata 0.67 na Kisanskriti 0.09. Urefu wa neno, basi, hausemi lolote kuhusu namna sehemu zake zilivyoungwa; hayo ni mambo mawili yanayopimwa mbalimbali. Na hiyo 0.67, ambayo kwa kawaida hutajwa kama ushindi wa ubainishi wetu, inasema vilevile kwamba takriban ungio moja katika kila matatu halikuwa safi. Sampuli ilikuwa ndogo, maneno kama 100 kwa lugha, kwa hiyo sitaitegemea desimali ya pili. Hata hivyo tarakimu hiyo inafanana na kinachoonekana katika neno la mchukuzi wetu, na ndiyo maana naona jina “ambishi bainishi” linafaa likisomwa kama kiwango, si kama sanduku.

Ukiulizwa kulikata, andika si-ku-wa-vush-i-a. Vipande ni sita. Chini ya “si” andika ukanushi na nafsi ya kwanza umoja. Chini ya “ku”, wakati uliopita katika ukanushi. Chini ya “wa”, watendewa walio wengi. Chini ya “vush”, vuka pamoja na usababishi. Chini ya “i”, kauli ya kutendea. Na “a” ni kiishio. Mwanafunzi anayelazimisha “vu-sh” ili kila kazi ipate kipande chake ameupoteza mzizi, kwa sababu “vu” peke yake haimvushi mtu.