Usiponiambia |z| iko wapi, hujajibu swali

Kuna PDF ya majibu ya mtihani wa signali inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa uhandisi na imenikera kweli. Swali lenyewe ni hili, tafuta h[n], yaani jibu la sistimu ikipewa impalsi moja:

```
y[n] - 2.5y[n-1] + y[n-2] = x[n]
```

Aliyejibu kaenda vizuri tu mwanzoni, kila kuchelewa hatua moja kakugeuza z^-1, akapata poli mbili, 0.5 na 2, akagawanya:

```
H(z) = (-1/3)/(1-0.5z^-1) + (4/3)/(1-2z^-1)
```

Halafu kafungua jedwali, kanakili, kamaliza. Eneo la muunganiko, yaani thamani za z ambazo jumla ya h[n]z^-n inaungana, hakuligusa kabisa, na chini kaandika sistimu ni stebo. Jamani!

Hiyo H(z) moja ina h[n] tatu tofauti, na zote tatu zinatimiza mlinganyo. Ukisema |z| > 2, vipande vyote viwili vinaenda mbele, unapata h[0] = 1, h[1] = 2.5, na 2^n inazidi kukua mpaka kompyuta inajaa namba. Haiangalii mbele, sawa, lakini stebo siyo, maana duara la |z| = 1 liko nje ya eneo lake. Ukisema 0.5 < |z| < 2, duara liko ndani, sistimu ni stebo, ila kipande cha poli ya 2 kinageuka kinarudi nyuma:

```
h[n] = -(1/3)(0.5)^n u[n] - (4/3)(2)^n u[-n-1]
```

Usiniamini, weka namba. h[0] ni -1/3, h[-1] ni -2/3, h[-2] ni -1/3, ziingize kwenye mlinganyo pale n = 0: -1/3 + 5/3 - 1/3 = 1, ndiyo impalsi yenyewe. Nenda n = 1 unapata 0. Kwa hiyo hii nayo ni jibu halali, na kama sauti umeshairekodi yote unaweza kuitumia kabisa, kipande cha 0.5 unakipitisha kuanzia mwanzo wa rekodi, cha 2 unakipitisha kuanzia mwisho kurudi nyuma. Ya tatu, |z| < 0.5, inarudi nyuma yote na inalipuka huko, sitaiongelea.

Sasa yule wa PDF kachukua h[n] ya |z| > 2 akaibandika ustebo wa eneo la katikati. Kwa poli hizi huwezi kupata vyote viwili, lazima uchague.

Najua kuna watakaosema wao wanatumia transfomu ya upande mmoja yenye y[-1] na y[-2], ambako eneo daima ni nje ya poli kubwa kuliko zote. Haya, nakubali, hapo halina utata. Lakini swali hili halikutoa thamani za mwanzo wala halikusema sistimu haiangalii mbele, kwa hiyo andika |z| > 2 pembeni ya h[n] yako, ni alama tano tu, na anayesahihisha ataona hapo hapo kwamba 1 haimo.