Ukurasa wa siku ya matokeo: uwahi au usubiri tangazo?

Katika upangaji wa maneno muhimu ya msimu, yaani maneno ambayo watu huyatafuta Google kwa wingi wakati fulani tu wa mwaka, kuna kambi mbili ambazo hazijapatana. Kambi ya kwanza inashikilia kwamba ukurasa uchapishwe wiki nyingi kabla ya siku yenyewe ili Google iwe imeshaujua watu watakapoanza kutafuta, na ya pili inasema kwamba siku ikifika Google hupendelea kilicho kipya, hivyo aliyewahi mno hujichosha bure. Siku ya kutangazwa matokeo ya mtihani ndiyo inayouweka wazi mvutano huu kuliko sikukuu yoyote. Krismasi ni tarehe 25 Desemba na hakuna anayehitaji kuikisia, lakini tarehe ya matokeo hubaki kuwa makadirio hadi mamlaka ya mitihani itakapozungumza, na mara nyingine tangazo na matokeo yenyewe hutoka siku ileile.

Hoja ya wanaotaka kuwahi inatokana na jinsi injini ya utafutaji inavyofanya kazi. Ukurasa mpya sharti kwanza ugunduliwe na roboti za Google, usomwe, kisha uingizwe kwenye faharasa, na hakuna muda uliowekwa wa hatua hizo. Tovuti ya habari inayotembelewa na roboti mchana na usiku huweza kuingizwa ndani ya dakika chache, ilhali tovuti ndogo inayochapisha makala moja kwa wiki huweza kusubiri siku kadhaa, na pengine wiki. Zaidi ya hapo, ukurasa unahitaji muda wa kuunganishwa na kurasa nyingine za tovuti hiyo na kupata viungo kutoka nje. Anayechapisha asubuhi ya matokeo anaingia uwanjani wakati mechi inaelekea mapumziko, kwa kuwa kishindo cha utafutaji huo hupanda ndani ya saa chache na siku ya tatu huwa kimeshuka sana.

Wanaosubiri nao wana hoja isiyopuuzika. Google ina mifumo inayotambua kwamba swali fulani, kwa wakati fulani, linahitaji taarifa za karibuni, na hapo kurasa zilizochapishwa saa chache zilizopita hupandishwa juu. Ukurasa wa miezi miwili uliokaa vizuri katika nafasi ya nne unaweza kujikuta umesukumwa chini na habari za siku hiyo bila kuwa na kosa lolote. Kisha lipo suala la ukweli. Ukurasa wenye kichwa "Matokeo haya hapa" uliochapishwa kabla matokeo hayajatoka ni uongo, na mtahiniwa anayeufungua akakuta aya tatu za maneno matupu hurudi alikotoka papo hapo. Wengine huongeza ujanja wa kubadilisha tarehe ya ukurasa kila asubuhi ili uonekane mpya, ingawa hakuna kilichoongezwa. Mwongozo wa Google kwa wachapishaji unakataza kuupa ukurasa upya wa bandia wa namna hiyo, na kwa maoni yangu hata usingekatazwa, usingestahili kazi inayotumika.

Ninavyoona mimi, kambi zote mbili zinabishana kana kwamba kuna neno moja la kutafutwa na ukurasa mmoja wa kulijibu. Tuchukue mfano wa tovuti ndogo inayowashauri wahitimu wa sekondari juu ya kujiunga na vyuo, na tuseme kwamba kwa kuangalia miaka iliyopita mwenye tovuti ameona matokeo hutoka ndani ya kipindi cha wiki tatu. Maswali ya watu wake huja kwa mafungu matatu. Kabla ya tangazo wanauliza matokeo yatatoka lini. Siku yenyewe wanaandika "matokeo ya mtihani" na mwaka. Na kuanzia jioni ya siku hiyo wanauliza alama hizi zinaingia kozi gani, rufaa inakatwaje, na mtihani unarudiwa kwa utaratibu upi.

Fungu la katikati ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo tovuti hiyo isingepaswa kulipigania. Anayeandika "matokeo ya mtihani" anataka kufika kwenye tovuti ya mamlaka yenye matokeo hayo, na ni haki Google impeleke huko. Hata tovuti rasmi inapoelemewa na wageni, jambo ambalo si geni siku kama hiyo, mtafutaji anahitaji njia nyingine rasmi ya kupata alama zake. Makala ya ushauri haimfai kitu saa hiyo. Kinachobaki kwa tovuti ndogo ni mafungu ya pembeni, na hapo ndipo kila kambi inapopata haki yake.

Fungu la tatu linaunga mkono kuwahi karibu kikamilifu. Sifa za kujiunga na kozi, hatua za rufaa na taratibu za kurudia mtihani zinaweza kuandikwa kwa ukweli wote kabla alama hazijatoka, mradi mwandishi ahakikishe kanuni za mwaka huo hazijabadilika. Kwa tovuti ya mfano wetu, wiki nane kabla ya tarehe ya mapema kabisa inayowezekana ni muda unaotosha. Baada ya kuchapisha, anwani ya ukurasa iingizwe kwenye kisanduku cha ukaguzi cha Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana kwenye utafutaji, ili kuona kama Google imeshauorodhesha; ukiwa bado, aombe uorodheshwe, kisha aweke viungo kutoka kwenye kurasa zake zinazosomwa zaidi.

Zikibaki wiki nne, ripoti ya utendaji ya Search Console humwambia mengi. Achuje maneno ya utafutaji kwa ukurasa huo mmoja na asitazame mibofyo, ambayo bado itakuwa michache, bali idadi ya mara ambazo ukurasa umeonekana na maneno yaliyouibua. Akikuta ukurasa aliouandika kwa ajili ya rufaa unaibuliwa na maswali ya gharama ya rufaa, na yeye hakugusia gharama popote, amepata aya ya kuongeza wakati bado upo. Akikuta hauonekani kwa neno lolote, ajue tatizo haliko kwenye msimu. Ama haujaorodheshwa, ama kuna ukurasa wake mwingine wa zamani unaojibu swali lilelile na Google imeuchagua huo.

Fungu la kwanza, la "lini", linahitaji uangalifu zaidi. Hapa kuwahi kunaruhusiwa, lakini kukisia tarehe hakuruhusiwi. Ukurasa unaweza kueleza kwa haki kwamba tarehe haijatangazwa, kwamba miaka iliyopita matokeo yalitoka siku kadha wa kadha, na kwamba tangazo litatolewa na nani. Siku tangazo linapotoka, aya ya kwanza ibadilishwe, tarehe ya marekebisho ibadilike pamoja nayo, na kiungo cha tovuti rasmi kiwekwe juu kabisa. Marekebisho hayo ni ya kweli, na kwa hiyo ukurasa uleule uliowahi unapata pia faida ya upya ambayo kambi ya pili inaidai. Tarehe ya kubuni iliyowekwa ili kuvuta wasomaji huwa inanakiliwa na tovuti nyingine ndani ya saa chache, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuirudisha.

Suala la anwani ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko la tarehe. Wengi hufungua ukurasa mpya kila mwaka, na kila mwaka huanza sifuri, huku ukurasa wa mwaka uliopita ukishindana na mpya. Mwaka 2020, ilipowashauri wenye maduka kuhusu Black Friday, Google ilisema watumie anwani moja inayojirudia badala ya kuunda mpya kila msimu, na ushauri huo unafaa hapa bila kupunguzwa. Anwani kuu ibaki bila mwaka, na kama kuna sababu ya kuhifadhi ya zamani, iwekwe chini yake:

```
/matokeo-ya-mtihani/
/matokeo-ya-mtihani/2024/
```

Mwaka huonekana kwenye kichwa cha ukurasa, si kwenye anwani. Kuna pingamizi moja halali: wasomaji wengi huandika mwaka wanapotafuta, na anwani yenye mwaka huwapa uhakika kidogo. Uzito wake ni mdogo, kwa sababu kichwa chenye mwaka sahihi hufanya kazi hiyohiyo.

Tahadhari nyingine iko kwenye vipimo, kwani vyombo vya kupima viliundwa kwa ajili ya mahitaji yanayokwenda taratibu. Kipangaji maneno cha Google Ads huonyesha wastani wa utafutaji kwa mwezi, na wastani huo huficha kilele. Neno linalotafutwa mara 60,000 katika mwezi mmoja na karibu halitafutwi kabisa miezi mingine litaonekana kuwa na wastani wa 5,000, na mpangaji asiyefungua mchoro wa miezi ataliacha akidhani ni dogo. Google Trends huonyesha umbo la msimu vizuri zaidi, lakini namba zake za 0 hadi 100 ni uwiano na si hesabu ya watafutaji, na ukichagua miaka mitano hupewi siku bali wiki. Anayetaka kujua mahitaji yalianza kupanda siku ngapi kabla ya tangazo lazima apunguze kipindi hadi miezi mitatu inayozunguka tarehe ya mwaka uliopita.

Siku zinazohama zina mtego wake wakati wa kulinganisha mwaka na mwaka. Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi mwaka 2024 na tarehe 20 Aprili mwaka 2025, kwa hiyo ripoti ya Machi dhidi ya Machi ingeonyesha anguko ambalo halikutokea. Siku ya matokeo huhama vivyo hivyo. Njia sahihi ni kulinganisha kwa umbali kutoka kwenye tukio, yaani siku kumi kabla ya tangazo la mwaka huu na siku kumi kabla ya tangazo la mwaka jana, kwa kuchagua vipindi hivyo viwili kwa mkono ndani ya Search Console. Kwa kuwa hifadhi yake inafika miezi 16 tu, takwimu za msimu zipakuliwe mapema, la sivyo kilele cha mwaka juzi hakitakuwepo tena kitakapohitajika.

Kinachobaki kuamuliwa ni lini mwaka ulio kwenye kichwa ubadilishwe. Wenye pupa huubadilisha wiki moja tu baada ya kilele, wakati waliokata rufaa bado wanarudi kwenye ukurasa huo kutafuta taratibu za mwaka wao. Ni busara zaidi kusubiri hadi muda wa rufaa na wa maombi ya vyuo umalizike, kuhamishia taarifa za mwaka huo kwenye ukurasa wa kumbukumbu, na ndipo anwani kuu iandikwe upya kwa ajili ya watahiniwa wanaofuata.